Fishi yako ya kwanza ya staji: anzia chini, kwa maswali ya mwisho

Ndugu zetu wa ISP, na ninyi wa pedagojia, kila mara msimu wa staji ukikaribia swali ni lile lile: "Fishi yangu ya kwanza niianze wapi?" Wengi wanaanza juu ya karatasi. Wanaandika jina, tarehe, klasi, branshi, kichwa cha somo, kisha wanateremka polepole paka chini. Wakifika kwa evaliasio wamechoka, saa inaenda usiku wa manane, basi wanaandika maneno matatu: "Maswali kwa wanafunzi." Maswali gani? Hakuna anayejua, hata mwenye fishi.

Na mwalimu-msimamizi, yule ankadrere anayekaa nyuma ya klasi na kaye yake, pale njo anaangalia kwanza. Lengo juu, evaliasio chini: kama hivi viwili haviongei kitu kimoja, vya katikati vyote vinabaki bila kichwa. Kwa hiyo leo tutengeneze fishi moja nzima, ya dakika 50, tukianzia chini.

Tuchukue hesabu, mwaka wa saba. Ni ule ambao sheria ya elimu ya 2014 imeuweka ndani ya elimu ya msingi ya miaka 8, hata kama wazazi wengi bado wanauita mwaka wa kwanza wa sekondari. Fishi yenyewe utaiandika kwa Kifaransa, sababu njo lugha ya masomo pale. Hapa tunaielezea kwa Kiswahili chetu ili tuelewane.

Titilere wa klasi amekupatia kichwa: "Kuongeza namba nzima zenye alama." Usikiandike hivyo kwenye fishi. Hicho si kichwa cha somo moja, ni cha juma zima. Ndani yake kuna kuongeza namba zenye alama moja, kama (−3) + (−2). Kuna zenye alama tofauti, kama (−7) + (+4). Kuna tena kuongeza namba tatu ao nne kwa mstari mmoja. Ukivichukua vyote kwa dakika 50 utaongea wewe peke yako tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto watanakili. Muulize titilere wamefika wapi. Tuseme amekujibu kwamba jana walimaliza zenye alama moja. Basi somo lako ni moja tu: kuongeza namba mbili zenye alama tofauti.

Sasa lengo. Usiandike "mwanafunzi ataelewa kuongeza". Kuelewa hakuonekani kwa macho, na msimamizi hawezi kuweka alama kwa kitu asichokiona. Mwamerika Robert Mager aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1962, na mambo matatu aliyodai bado njo tunayodaiwa hata leo: mwanafunzi atafanya kitendo gani kinachoonekana, atakifanya katika hali gani, na kufikia kiwango gani. Kwa somo letu inakuwa hivi:

"Mwisho wa somo, mwanafunzi ataweza kuhesabu jumla ya namba mbili nzima zenye alama tofauti, kwa kuandika, bila kalkuleta, katika dakika 8, na kupata walau majibu 4 sahihi juu ya 5."

Kitendo ni kuhesabu. Hali ni kuandika bila kalkuleta kwa dakika 8. Kiwango ni 4 juu ya 5. Lakini ju ya nini 4, siyo 3? Stajiere wengi wanaweka kiwango kama vile mtu anachagua namba ya tombola. Msimamizi akikuuliza kisha somo, lazima uwe na jibu, na jibu liko ndani ya maswali yenyewe. Hapa tukae kidogo.

Andika maswali matano ya evaliasio kabla ya kuandika kitu kingine. Na kabla ya kuyaandika, jiulize: mtoto ambaye hajashika somo atajibu namna gani? Kwa (−9) + (+4), jibu ni −5. Mtoto akiandika −13, amebeba sheria ya jana: ameongeza 9 na 4, akabakiza alama ya kutoa. Huyo unamwona mara moja, sababu kila jibu lake litakuwa baya. Hatari ni wengine wanne wanaopata jibu zuri kwa njia mbaya.

Wa kwanza anatoa ndogo kwa kubwa na kila mara anabakiza alama ya namba iliyoandikwa mbele. Wa pili anabakiza alama ya namba ya nyuma. Wa tatu anaweka alama ya kutoa kila mahali, juu leo ni "somo la namba za kutoa". Wa nne haweki alama kabisa. Ukimpa huyu wa kwanza (−9) + (+4), atajibu −5. Vizuri! Ukimpa (−8) + (+3), atajibu −5 tena. Vizuri tena! Unaweza kumpa kumi za namna hiyo, apate 10 juu ya 10, na hajui kitu. Wa tatu naye atapata 10 pamoja naye.

Kwa hiyo maswali hayachaguliwi ovyo. Kuna mambo mawili ya kugeuza: namba gani inatangulia, ya kutoa ao ya kuongeza, na jibu linaangukia upande gani wa sifuri. Ukiyachanganya unapata hali nne, na kila hali inastahili swali lake. Ongeza swali moja la sifuri. Unapata hii:

1. (−9) + (+4)
2. (−3) + (+8)
3. (+6) + (−6)
4. (+2) + (−10)
5. Asubuhi muuzaji amepata faida ya franka 1500. Mchana amepata hasara ya franka 900. Andika hesabu ya kuongeza yenye alama, kisha toa jibu.

Majibu ni −5, +5, 0, −8, na (+1500) + (−900) = +600.

Sasa wapitishe wale wanne mmoja mmoja. Wa alama ya mbele: swali la 1 anapata, la 2 anaandika −5 na anakosa, la 3 anapata, la 4 anaandika +8 na anakosa, la 5 anapata. Jumla 3. Wa alama ya nyuma anakosa la 1 na la 5. Jumla 3. Yule wa kutoa kila mahali anakosa la 2 na la 5. Jumla 3. Asiyeweka alama anakosa la 1 na la 4. Jumla 3. Wote wanne wanasimama kwa 3 juu ya 5. Njo maana kiwango ni 4. Ungeweka 3, ungewapitisha wote wanne na ungeandika kwenye ripoti kwamba somo limefaulu.

Kitu kingine: karatasi hizo zinakuambia cha kufanya kesho. Aliyekosa la 2 na la 4 hana shida moja na aliyekosa la 1 na la 5. Andika hizo jozi pembeni ya fishi, mistari minne tu. Msimamizi akiona kwamba ulitazamia makosa kabla hayajatokea, ataelewa kwamba fishi hii haikunakiliwa kwa mkubwa wa promosio iliyopita.

Maswali yakiisha kuwa pale, kazi za somo zinakuwa nyepesi kupanga, sababu unajua unaelekea wapi. Jina la kila sehemu linaweza kubadilika kutoka shule moja hadi nyingine. Fuata fomu ya shule yako na usipigane na mtu juu ya majina. Mgawanyo wangu ni huu: kurudilia dakika 6, motivasio 4, kazi kuu 20, sentezi 7, evaliasio 8, kukusanya karatasi na kutoa kazi ya nyumbani 3. Hiyo ni 48. Mbili zilizobaki zinakufa mlangoni, wakati wa kuingia na kusalimiana. Ukipanga 50 kamili, umekwisha kuchelewa mbele ya kuanza.

Kurudilia kunatafuta kitu kimoja: je, vitu ambavyo somo hili linasimamia juu yake viko? Maswali matatu yanatosha. Onyesha −5 kwenye mstari wa namba. Kati ya −5 na −2, gani iko mbali zaidi na sifuri? (−3) + (−2) ni ngapi? Mtu wa kwanza aje ku tablo, wa pili ajibu kwa mdomo, la tatu wote waandike. Usimwite yule anayenyosha kidole kila mara, atakudanganya kwamba klasi yote iko sawa.

Motivasio iwe hali ambayo mtoto anaijua, na iwe na swali ndani. Kwa mfano: una deni la franka 700 kwa kantini ya shule, leo umeleta 400. Kisha kulipa, kitabu cha mama wa kantini kitasema nini? Watajibu bila shida: "Bado niko na deni la 300." Sasa uliza: hiyo tunaiandikaje kwa hesabu, kama deni ni namba ya kutoa? Ukihesabu kwa mamia, (−7) + (+4) = −3. Watoto wamekwisha kufanya somo la leo kwa kichwa chao, bila kujua. Kilichobaki ni kuwaonyesha walifanya nini.

Kazi kuu, zile dakika 20, inapitia mifano minne kwenye mstari wa namba kutoka −10 hadi +10: (−7) + (+4), (−4) + (+7), (+3) + (−8), (+9) + (−2). Angalia vizuri: ni zile zile hali nne za evaliasio, na namba tofauti. Hiyo siyo kuwapa jibu mbele. Kama evaliasio itauliza hali nne na wewe umefundisha mbili tu, basi unapima kitu ambacho hukufundisha, na watoto wanalipa.

Mfano wa kwanza unaufanya pamoja nao: simama kwa −7, ruka hatua 4 kwenda kuume, unafika wapi? Mfano wa pili anaufanya mwanafunzi ku tablo, wengine wanafuata kwenye kaye. Wa tatu na wa nne wanaufanya wawili wawili, kwa benchi. Mu klasi ya watu 60 usijaribu makundi ya sita sita siku ya kutazamwa. Kuhamisha mabenchi peke yake kunakula dakika 5 na makelele yanafika kwa prefe. Jirani wa benchi anatosha. Kama wanasemezana kwa Kiswahili wakitafuta jibu, waache. Jibu litatolewa kwa Kifaransa.

Majibu yanaingia kwenye tablo kwa safu tatu: hesabu, jibu, umbali wa kila namba kutoka sifuri. Mstari wa kwanza utasema (−7) + (+4), jibu −3, umbali 7 na 4. Wa pili: jibu +3, umbali 4 na 7. Wa tatu: −5, umbali 3 na 8. Wa nne: +7, umbali 9 na 2. Sasa nyamaza. Kweli, nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Kisha uliza maswali mawili tu: "Hii 3 imetoka wapi kwa 7 na 4?" na "Alama ya jibu ni ya nani?" Mmoja atasema "ya namba kubwa". Hapo usikubali haraka. Kati ya −7 na +4, kubwa ni gani? Ni +4! Njo pale wengi wanapotea, na mara nyingine mwalimu pamoja nao. Alama ni ya namba iliyo mbali zaidi na sifuri. Andika hilo jibu baya la "kubwa" kwenye fishi yako, na karibu nalo andika swali utakalorudisha. Kabla ya kufunga, uliza kwa mdomo (−5) + (+5): deni la 5, umelipa 5. Sifuri imeingia bila hotuba.

Kuna sheria moja ya kuepuka kabisa leo: "kutoa na kutoa ni kuongeza". Kaka mkubwa nyumbani amekwisha kuwaambia. Ni sheria ya kuzidisha, haina kazi hapa. Mtoto akiitoa, mrudishe kwa kantini: deni juu ya deni, je, inakuwa faida? Atacheka, na atajirekebisha mwenyewe.

Sentezi ni mistari miwili kwenye kaye, na wao njo wanaitamka kabla hujaandika: ili kuongeza namba mbili zenye alama tofauti, tunatoa umbali mdogo kwa umbali mkubwa, jibu linapata alama ya namba iliyo mbali zaidi na sifuri. Chini yake mfano mmoja. Basi.

Kuhusu safu mbili za katikati ya fishi, ile ya mwalimu na ile ya wanafunzi, neno moja. Soma safu ya wanafunzi peke yake, kutoka juu hadi chini. Ukikuta "wanasikiliza, wanafuata, wanasikiliza, wananakili", somo lako ni hotuba. Inatakiwa kusoma mambo kama "anaonyesha −5", "wanahesabu wawili wawili", "wanatamka sheria". Tena andika maswali yako neno kwa neno, na jibu unalolitazamia mbele yake. Siku hiyo, mkono ukitetemeka, karatasi itakukumbusha.

Tablo nayo ipangwe mbele. Kushoto tarehe, kichwa na mstari wa namba, ambavyo havifutwi. Katikati meza ya mifano minne, kuume sentezi. Maswali ya evaliasio hayatakuwa na nafasi, basi yaandike kwenye karatasi kubwa nyumbani, uikunje, uifungue saa ikifika. Mstari wa namba unahitaji nukta 21. Kama tablo ni fupi, pima nyumbani kwa rula, ili usifike +6 na ukuta umekwisha. Na evaliasio ikianza, ufiche mstari huo ao uuache? Kwa fishi hii ninauacha. Lengo letu halikusema "bila mstari", na swali la 5 lenye 1500 litaonyesha nani anatumia sheria na nani bado anahesabu hatua kwa kidole.

Mpatie msimamizi fishi siku moja mbele, siyo mlangoni. Atakuwa na wakati wa kusahihisha kabla ya somo, na kosa lililosahihishwa kwa karatasi halina aibu mbele ya watoto. Kaye ya utayarishaji iwe juu ya meza, na nakala moja kwake nyuma.

Vitu viwili vinaweza kuharibu mpango mzuri, na vyote viwili unaweza kuviandikia njia mbele. Cha kwanza ni kurudilia kushindwa: unauliza wamuonyeshe −5, na nusu ya klasi wanaweka kidole kwa +5. Usiendelee kama vile hakuna kitu. Tumia dakika 10 kwa mstari wa namba, na fanya mifano miwili tu kwa kazi kuu, ule wa kwanza na wa tatu. Lakini hapo evaliasio nayo lazima ipungue: uliza la 1, la 3 na la 4 tu, na mwambie msimamizi kisha somo kwamba lengo halikufikiwa lote. Andika hii mbele kwenye fishi: "Kama kurudilia kunashindwa…". Haitahesabiwa kama udhaifu.

Cha pili ni wakati kukimbia. Weka saa mahali unapoiona, na uchague alama moja ya njia: kwa dakika ya 30, meza ya mifano minne iwe imejaa. Ukiona haijajaa, ukate mfano wa nne ao ufupishe sentezi. Evaliasio usiiguse. Stajiere wengi wanafanya kinyume: wanamaliza maelezo yote vizuri, kengele inalia, na maswali yanakuwa kazi ya nyumbani. Kesho yake karatasi zote zinarudi na majibu ya kaka mkubwa.

Kwa kukusanya, kila mtoto anajibu kwenye robo ya karatasi yenye jina lake. Kuhesabu vidole vilivyonyoshwa hakusaidii, kila mtu ananyosha. Karatasi 60 zenye maswali matano zinaisha kusahihishwa kwa nusu saa hivi. Zitenge kwa mafungu: waliopata 4 ao 5, waliokosa 1 na 5, waliokosa 2 na 4, waliokosa 2 na 5, waliokosa 1 na 4, na wale wa −13. Andika hesabu ya kila fungu nyuma ya fishi, na uende nayo kwa mazungumzo na msimamizi. Akikuuliza "Somo limeenda namna gani?", unamwonyesha hiyo namba. Na fungu lililo kubwa kupita mengine njo linalochagua maswali matatu ya kurudilia ya somo lako la pili.